Kwa Nini Hatumwongezei Seti Kijana Mwembamba Kabla Hajaongeza Chakula

Mwezi huu amekuja tena kijana akitaka arudishiwe ada yake ya miezi miwili. Hakuwa na ugomvi, alisalimia vizuri, kisha akasema jambo ambalo wateja wetu wembamba wamekuwa wakilisema tangu tufungue jimu yetu hapa Temeke: kwamba tunawafanyisha seti chache na kuwarudisha nyumbani baada ya dakika 50 ili nafasi ipatikane ya kuingiza wengine, ilhali jimu ya jirani inatoza shilingi 30,000 kwa mwezi na mtu anaruhusiwa kunyanyua chuma mpaka achoke mwenyewe. Sisi tunatoza 45,000. Kwa kuwa lalamiko hili halijaisha kwa maelezo ya mdomo, tumeona tuliandike jibu lake kikamilifu, na njia nzuri ya kulieleza ni kupitia daftari la mteja mmoja wa mwaka jana aliyelalamika vivyo hivyo, ambaye ametukubalia kutumia namba zake bila kumtaja jina.

Alikuwa na umri wa miaka 22, urefu wa sentimita 178, na mzani ulisoma kilo 54. Kazi yake ilikuwa kuuza viatu kwa kutembeza, kutoka Kariakoo hadi popote penye watu, kwa hiyo siku nzima alikuwa kwa miguu. Wiki tatu za kwanza alifuata utaratibu wetu, kisha akaanza kujiongezea. Asubuhi alipiga pushapu 200 nyumbani, jioni akaja kwetu na kung'ang'ania benchi kwa seti kumi badala ya tatu, na Jumapili, siku tuliyomwambia apumzike, akaenda kunyanyua kwa rafiki yake. Baada ya wiki sita tulimpima tena, na mzani ukasoma kilo 53.2. Alituangalia kama mtu aliyeibiwa.

“Kocha, mimi ninakula sana,” alisema. “Nyumbani wananiita shimo.”

Hatukumbishia, kwa sababu karibu kila kijana mwembamba anasema hivyo na wengi wao hawadanganyi. Anakumbuka ile sahani moja kubwa aliyoimaliza Jumamosi, lakini hakumbuki mchana wa Jumanne aliopita na soda na andazi kwa sababu biashara ilikuwa imechangamka. Tulimpa daftari aandike kila kilichoingia mdomoni kwa siku saba. Ilionekana kwamba asubuhi alikunywa chai ya rangi na maandazi mawili, mchana alikula wali maharage kwa mama ntilie katika siku nne tu kati ya saba, na usiku alikula ugali na mboga za majani, dagaa wakiwapo. Hapakuwa na maziwa hata siku moja. Yai lilikuwa moja kwa wiki nzima.

Hapa ndipo watu wengi hutaka wapewe namba ya kalori kutoka kwenye simu, nasi huwaambia kwamba mzani wao unajua zaidi. Kama uzito wako umesimama pale pale kwa miezi mingi, basi chakula unachokula kwa wastani ndicho hasa unachokitumia, uwe ni mwingi au mdogo machoni pako. Ukiongeza seti bila kuongeza chakula, umeongeza matumizi peke yake. Kwa kijana huyu pushapu za asubuhi na seti za ziada zilimla nguvu, zikamwondolea hamu ya chakula cha usiku kwa uchovu, na mwili ukalazimika kujazia pengo kutoka kwenye akiba yake ndogo. Kilo 0.8 zilizopotea zilitoka huko.

Seti yenyewe kazi yake ni kuupa mwili amri ya kujenga. Seti tatu nzito, zinazoishia pale ambapo ungeweza kurudia mara moja au mbili tu zaidi, zinatosha kabisa kutoa amri hiyo kwa mtu anayeanza. Seti ya nne na ya tano huongeza kidogo, na ya kumi huongeza zaidi uchovu wa kesho. Kujenga kunafanyika baadaye, ukiwa umelala na umekula, na kunahitaji protini pamoja na nguvu ya ziada juu ya ile inayokuendesha kutwa. Kwa protini tunalenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambazo kwake zilikuwa kama gramu 85. Kwa nguvu tunaanza na nyongeza ya kalori 300 hadi 600 kwa siku.

Tulimpunguzia mazoezi mpaka siku tatu kwa wiki: skwati, benchi, kuvuta chuma kuelekea tumboni akiwa ameinama, na kusukuma chuma juu ya kichwa, kila moja seti tatu za marudio 8 hadi 12, na mapumziko ya dakika mbili au tatu kati ya seti. Akifikisha 12 katika seti zote tatu, tunaongeza kilo 2.5. Pushapu za nyumbani tulizizuia, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Upande wa chakula hatukumwambia “kula zaidi”, kwa maana maneno hayo hayana kipimo. Tulimpa vitu viwili tu vya kuongeza juu ya alivyokuwa akila. Cha kwanza ni uji wa asubuhi kabla ya chai: unga gramu 40, maziwa robo lita badala ya sehemu ya maji, na vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa, ambazo huingizwa mwishoni, uji ukishaiva, ili zisishike chini ya sufuria. Kikombe hicho kina kalori zinazokaribia 460. Cha pili ni mayai mawili ya kuchemsha, kalori 140 hivi, ambayo alinunua kwa muuza mayai wa barabarani wakati akitembeza viatu. Vyote viwili pamoja vilimpa pia gramu 30 hivi za protini. Tulimtaka pia asikose chakula cha mchana siku yoyote. Uji tuliuchagua kwa makusudi, kwa sababu kijana mwembamba hushiba haraka, na kinachonyweka hupita pale ambapo sahani ya pili ya ugali ingegoma.

Katika wiki mbili za kwanza alipanda kilo 1.1, akafurahi sana, nasi tukamwambia ukweli kwamba sehemu kubwa ya hiyo ni maji na chakula kilichomo tumboni. Mwendo tunaoutaka ni robo kilo kwa wiki, au zaidi kidogo. Katika wiki ya tano mzani ukasimama ingawa hakuacha kitu. Hili hutokea, na lina sababu. Mwaka 1999 mtafiti James Levine na wenzake wa Kliniki ya Mayo huko Marekani walichapisha utafiti ambao waliwalisha watu 16 kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao kila siku kwa wiki nane. Mafuta yaliyoongezeka mwilini yalitofautiana kutoka chini ya nusu kilo hadi zaidi ya kilo nne, na walioongezeka kidogo ni wale ambao miili yao, bila wao kukusudia, ilizidisha kujitikisa, kusimama na kutembeatembea. Mmoja wao alichoma hivyo takriban kalori 690 zaidi kwa siku. Ukimlisha kijana wa aina hiyo, anaanza kuchezesha mguu chini ya meza. Wala si uchawi wala “damu nyepesi”. Dawa yake ni kuongeza tena kidogo: kwa mteja wetu tuliongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwenye mboga ya usiku, kalori 120, na parachichi nusu, na mzani ukaanza kupanda tena baada ya siku kumi.

Ili kujua kama kinachoongezeka ni misuli, tunapima mambo matatu: uzito asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, mara tatu kwa wiki, kisha tunachukua wastani, kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, na kilo zilizopo kwenye chuma. Uzito ukipanda pamoja na chuma huku kiuno kikibaki karibu pale pale, kazi inaenda vizuri. Kiuno kikikimbia mbele ya vingine, tunapunguza chakula. Kuandika haya kwa kila mteja, kila wiki, ndiko kunakofanya ada yetu izidi ya jirani kwa shilingi 15,000, na hatuoni sababu ya kuipunguza.

Njia ya mkato inayotusikitisha zaidi si hata seti nyingi, ni vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani bila cheti cha daktari. Baadhi ni siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Nyingine ni deksamethazoni, na hiyo ni hatari kubwa: hujaza uso maji na mafuta, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huku ikidhoofisha misuli ya mapaja na mabega, yaani inakula kile kile unachokitafuta. Tuliwahi kumpokea kijana mwenye mashavu ya duara na kilo sita mpya ambaye hakuweza kuinuka na chuma kitupu katika skwati. Hatukumfanyisha zoezi; tulimtuma hospitali, kwa sababu aliyezitumia kwa wiki nyingi hatakiwi kuziacha ghafla bila kusimamiwa na daktari. Fedha alizotumia kwa vidonge zingemnunulia maziwa na karanga za miezi mitatu. Vilevile, mtu ambaye hakuzaliwa mwembamba bali anakonda sasa bila sababu, hasa akiwa na kikohozi, jasho la usiku au kiu isiyokatika, aanze hospitali apimwe kifua kikuu na kisukari kabla ya kutulipa chochote.

Wateja wetu wanaofunga Ramadhani hutuuliza kama waache kabisa. Hapana: tunapunguza mpaka seti mbili, mazoezi yanakuwa saa mbili baada ya futari, na uji ule ule wa maziwa na karanga unahamia kwenye daku.

Muuza viatu alimaliza wiki 16 za utaratibu mpya akiwa na kilo 58.1. Kiuno kiliongezeka sentimita moja na nusu, na benchi lilitoka kilo 30 hadi 47.5. Wiki iliyofuata tulimwongezea seti ya nne aliyokuwa akiidai tangu mwanzo, pamoja na yai la tatu. Kijana wa mwezi huu, aliyetaka ada yake, tumempa daftari na siku saba za kuandika. Akirudi nalo likiwa limejazwa, mwezi wa tatu hatalipia.