Kwa nini sare za harusi ya Aprili tunazipokea Februari

Kamati nyingi za harusi hutujia zikiwa na swali moja: “Sare arobaini mnaweza kumaliza kwa wiki mbili?” Mwezi Juni huenda ikawezekana. Baada ya Idi na Pasaka haiwezekani.

Waislamu wengi hawafungi ndoa ndani ya Ramadhani, na makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na sasa imeikuta Kwaresima. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku mbili hivi kabla yake, kutegemea mwandamo. Kwa hiyo harusi za pande zote mbili zinasimama pamoja, kisha zinafumuka pamoja. Katikati yake kuna kumi la mwisho la Ramadhani, ambapo cherehani zote zinashona nguo za Idi.

Tuchukue harusi ya Jumamosi, 10 Aprili 2027, yenye magauni 40 ya kitenge. Ratiba yake tunaihesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Wiki ya mwisho, kuanzia Jumamosi tarehe 3, ni ya kujaribisha, kubana na kuachia. Wiki hiyo haiguswi, maana katika watu 40 lazima wapo ambao mwili umebadilika tangu siku ya vipimo. Kabla yake ni ushonaji. Mafundi wawili, kila mmoja magauni mawili kwa siku, wanahitaji siku 10 za kazi. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zinaangukia humo humo, hivyo ukitoa na Jumapili unajikuta unaanza kushona tarehe 20 Machi. Kukata ni tarehe 18 na 19. Maana yake vitambaa vyote na vipimo vyote viwe mezani kufikia Jumatano, 17 Machi, siku 24 kabla ya harusi. Idi inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, kwa hiyo zinabaki siku chache tu za kupima watu. Ndiyo sababu tunaomba oda iandikwe kabla ya mfungo, hata kama michango haijakamilika.

Kinachochelewesha mara nyingi ni wale watu watano wanaosema “mimi nitapita kesho”. Wakija baada ya kitambaa cha wenzao kukatwa, duka la jumla huenda limeshamaliza mzigo ule, na mzigo mpya wenye maua yaleyale unaweza kuwa na rangi iliyofifia au kukolea zaidi. Kwenye picha ya pamoja inaonekana mara moja. Nunueni kitenge chote siku moja, na muongeze vipande viwili vya akiba.

Sasa advansi. Wengi hutuuliza kwa nini si nusu kwa nusu. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 35,000 kwa gauni, nyinyi mkileta kitenge: jumla 1,400,000. Bitana, zipu, gamu na uzi tukikadiria 8,000 kwa gauni ni 320,000. Fundi analipwa kwa kipande, tuseme 12,000, nayo ni 480,000. Hizo ni 800,000 zinazotoka kabla hamjabeba nguo hata moja. Nusu ni 700,000, haitoshi. Asilimia 60 ni 840,000, na hiyo ndiyo tunayoomba. Mkiahirisha kabla ya kukata, tunarudisha yote isipokuwa gharama ya vifaa vilivyokwisha nunuliwa.

Advansi hiyo tunaiweka akaunti ya peke yake, hailipi kodi ya fremu. Kodi, umeme na mshahara wa msaidizi vinaendelea hata Januari na wiki za mwanzo za mfungo ambapo mlango haufunguliwi na mtu. Kwa duka linalotumia 600,000 kwa mwezi, miezi miwili mikavu inadai 1,200,000. Tukitenga asilimia 10 ya kila oda kama hii, yaani 140,000, oda tisa zinatosha kuufunika ukame huo.

Duka lisilo na akiba hiyo hula advansi yenu kwenye kodi, kisha husubiri advansi ya mteja mwingine ili linunue bitana yenu. Nje halionekani kuwa na shida. Utalijua pale linapokuomba “uongeze kidogo” kabla hujajaribu gauni hata moja, au unapofika katikati ya ratiba na kukuta vitenge vyenu bado vimefungwa kwenye mfuko mliokuja nao. Hapo dai kuona nguo zilizokatwa siku hiyohiyo. Kama hazipo, chukueni vitambaa vyenu wakati bado vizima, maana kitenge kilichokwisha katwa fundi mwingine hukipokea kwa shida.