Barua kwa mwanangu: biashara ya mahindi katika nyumba ya Ilembula

Mwanangu,

Kamwene. Umeniuliza ile nyumba ya Ilembula ifanye kazi gani wewe ukiwa Dar na baba yako mdogo ndiye mwenye ufunguo. Kuku wa mayai hapana. Trei zinaweza kupungua kila siku, na ukiwa mbali huwezi kujua kama ni ugonjwa, chakula kibovu au mkono wa mtu. Mimi nakushauri ununue mahindi wakati wa mavuno, Julai na Agosti, uyahifadhi katika chumba kimoja, uyauze kuanzia Desemba. Mahindi yanapimika, na kwa biashara inayosimamiwa na ndugu hilo ndilo la kwanza.

Anza na gunia 20 za kilo mia, yaani tani mbili. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinatosha, ukipanga gunia nne nne kwenda juu na kuacha nusu mita kila upande kutoka ukutani. Chini weka chaga za mbao, maana sakafu ya saruji hupitisha unyevu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ndugu hugombana. Mahindi yanayotoka shambani mara nyingi bado yana maji. Tuseme umenunua tani mbili zenye unyevu wa asilimia 18, na kwa kuhifadhi unataka asilimia 13. Baada ya kuanikwa utabaki na kilo kama 1,885. Kilo 115 zimepotea, zaidi ya gunia zima, na hakuna aliyeiba hata punje. Asiyejua hesabu hii atapiga simu kwa hasira, na baba yako mdogo atakasirika kwa haki. Kwa hiyo uzito wa makabidhiano ni ule wa baada ya kukausha, siyo wa siku ya kununua. Na ukinunua, nunua kwa mizani. Lumbesa na debe vitakuvurugia hesabu tangu mwanzo.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, usikimbilie kufunga. Anika siku mbili tatu zaidi za jua kali, juu ya turubai, ili ufike 13. Mwombe baba mdogo akutumie picha ya chupa hiyo.

Kisha pepeta mpaka vipande vya magunzi viishe, kwa kuwa ncha zake hutoboa plastiki, na utie kwenye mifuko ya PICS. Ina plastiki mbili ndani na kiroba nje. Plastiki ya ndani hukamuliwa hewa, husokotwa, hukunjwa na kufungwa kwa kamba. Ya pili vivyo hivyo, halafu kiroba. Wadudu waliobaki ndani humaliza hewa na kufa, hata dumuzi, bila dawa. Baada ya siku kadhaa plastiki hunata kwenye nafaka. Ikiwa imelegea, kuna tundu au kamba haikukazwa. Ukiona matone ya maji ndani ya plastiki, mahindi yalifungwa mabichi. Yafunguliwe yaanikwe upesi kabla hayajaota ukungu, kwa maana ukungu ndio unaoleta sumukuvu.

Kila mfuko uandikwe namba na uzito kwa kalamu ya wino mzito. Mfuko uliofungwa sawasawa haupotezi uzito, kwa kuwa unyevu hauna pa kutokea. Siku ya kuuza, tofauti ya kilo moja ni ya mizani. Kilo tano ni mfuko uliofunguliwa au panya, na panya huacha tundu linaloonekana. Sema na baba mdogo mapema kwamba mahindi ya kula nyumbani yatoke kwenye gunia lake mwenyewe, mpe moja kabisa, maana kila ukifungua mfuko hewa inaingia na wadudu wanaingia upya.

Malipo yake usiyafanye mshahara wa mwezi. Kubalianeni kiasi kwa kila mfuko unaofika sokoni na uzito wake, nawe umtumie kwenye simu siku hiyohiyo. Ni mkubwa wako, kwa hiyo mapatano hayo nenda ukayaseme ana kwa ana, mama yake mkubwa akiwepo.

Soko la karibu ni Makambako, ambako pia NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, hununua. Usingoje bei ya juu kabisa. Uza nusu Desemba, nusu Februari, kwani ipo miaka bei haipandi, hasa mavuno yakiwa mengi au mahindi yakizuiwa kwenda nje. Ada ya shule ya Januari usiitegemeze humu. Na mifuko ikirudi mitupu, ijaze upepo uikamue kuona kama inavuja. Mizima itatumika tena msimu ujao.

Mama yako