Asipokula, sindano isiachwe: barua kwa wazazi wa watoto wenye kisukari

Wazazi wenzangu,

Nimestaafu uuguzi, lakini kuna neno bado linaninyima usingizi: "Hakula, kwa hiyo sikumchoma insulini." Mama mmoja aliniambia hivyo saa kumi na moja alfajiri, amembeba mwanawe wa miaka tisa aliyetapika tangu jana yake. Mtoto alikuwa akihema kwa nguvu kama aliyetoka mbioni, midomo imemkauka, pumzi yake inanukia utamu kama tunda lililoiva kupita kiasi. Kipimo cha sukari cha kidole kilisoma 27 mmol/L, juu mno. Mama akaniuliza sukari hiyo imetoka wapi na tumbo ni tupu.

Ilitoka kwenye ini. Sisi tusio na kisukari tukila ugali, kongosho humwaga insulini. Misuli hupokea sukari, na ini huweka nyingine akiba. Saa zikipita bila chakula, insulini hupungua na kongosho hilohilo huongeza homoni nyingine, glukagoni, inayoliamuru ini litoe ile akiba na kutengeneza sukari mpya, ubongo usikose. Lakini hata usiku wa manane insulini haiishi kabisa. Kile kidogo kinachobaki ndicho breki: ini lisizidishe, mafuta ya mwili yasiyeyushwe ovyo.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziua seli za insulini. Seli za glukagoni, majirani zao, ziko hai, tena zimempoteza aliyekuwa akizituliza. Ndiyo maana glukagoni inaweza kupanda hata mtoto akiwa ametoka kula. Mkiacha sindano, ini hufanya kazi kama vile mtoto yuko kwenye njaa kali, huku damu imejaa sukari. Mafuta nayo huyeyushwa, ini likayageuza kuwa ketoni, na ketoni zikizidi damu huwa na asidi. Kule kuhema ni mwili unajaribu kuitoa asidi hiyo. Homa huongeza moto, maana homoni za ugonjwa nazo hupandisha sukari.

Kwa hiyo mtoto akiugua, insulini ile ya muda mrefu isikatwe. Mpimeni sukari kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku, mumnyweshe maji kidogo kidogo, na mpime ketoni kwenye mkojo kama vipande vya kupimia vipo. Sukari ikiwa chini na chakula hakikai tumboni, mpeni maji ya sukari kwa vijiko na mpigie kliniki simu: dozi huenda ikapunguzwa, lakini isifutwe.

Akitapika mfululizo, akihema vile, akilegea, au ketoni zikionekana nyingi, msingoje kupambazuke. Mkifika hospitali, neno la kwanza mlangoni liwe: "Ana kisukari, na anatapika."

Ni mimi, bibi yenu.