Hesabu ya safari ya darasa langu

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Uliniuliza ile barua ya kuwaeleza wazazi kuhusu michango ya safari niliiandikaje. Naomba nikueleze, maana usiku ule sikulala.

Watoto ni 36, na mchango ni 500 kwa kila mmoja, kwa hiyo zilitakiwa 18,000. Daftari langu lilionyesha 16,770. Nilipohesabu fedha zenyewe, taslimu pamoja na zilizoingia kwa simu, nikapata 16,180. Zimepungua 590. Ukiwa umeshika fedha za watu, tarakimu kama hiyo inakukaba koo.

Sikuanza kujumlisha upya kama tulivyozoea. Nilichukua ujumbe wa malipo ya simu mmoja mmoja, nikalinganisha nambari ya muamala na daftari. Nambari moja ilikuwa imeandikwa mara mbili. Ujumbe ulikuja na jina la mama, mimi nikauandika kwa mtoto mwenye jina linalofanana na la mwanawe. Kesho yake mama akaja kunionyesha ujumbe uleule, nikauandika kwa mwanawe, nikasahau kufuta kule kwa kwanza. Hapo 500 zikapatikana.

Zikabaki 90. Unakumbuka kanuni ya tisa? Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, shuku tarakimu zilizopinduliwa. Haithibitishi, ila inakuonyesha pa kuanzia. Nikapitia malipo ya nusunusu dhidi ya vishina vya stakabadhi: kishina kinasema 230, daftari linasema 320.

Basi fedha hazikupotea, daftari ndilo lilikosea. Lakini pengo halisi likawa kubwa kuliko nililowatajia wazazi mwanzoni: si 1,230, ni 1,820. Watoto watatu hawajalipa kabisa, mmoja amebakiza 270, mwingine 50. Na mmoja wa hao watatu ni yule niliyemwandikia malipo ya mwenzake. Wazazi wake hawakuwahi kukumbushwa kwa sababu kwangu alionekana amemaliza. Hilo limeniuma kuliko hesabu yenyewe.

Katika barua niliwaandikia wazazi hivi: «Kosa la kuandika ni langu. Fedha zote zilizopokelewa zipo, na yeyote anaweza kuja kukagua daftari, vishina na ujumbe wa simu.» Nikataja jumla na makosa yote mawili, lakini jina la mtoto sikutaja hata moja. Wenye baki nimewaandikia kila mmoja kipande chake, kikafungwa kwenye bahasha. Nilieleza pia kwamba nauli ya basi haipungui hata watoto wakipungua, ili asiwepo atakayesema tuwaache wachache nyumbani.

Tangu hapo, mwenzangu wa darasa la jirani huhesabu nami kila Ijumaa, tunatia saini wote wawili. Wazazi wawili wameshajibu. Yule wa 270 ameomba wiki moja, nami nimemkubalia.

Wako,
Mwalimu mwenzio