Walimu, tuachieni na faili, si karatasi peke yake

Mhariri,

Nina duka dogo la fotokopi hapa Likoni, mwendo wa dakika chache kutoka kivukoni, na nimetoa nakala za vitini vya vyuo kwa muda mrefu hata sasa nikiutazama ukurasa naweza kukisia umepita kwenye mashine mara ngapi. Ninaandika kuhusu mpwa wangu, anayesomea uuguzi katika chuo kimoja cha hapa Mombasa, na kuhusu kosa dogo la uchapaji lililonikosesha usingizi, ambalo walimu wa vyuo wanaweza kulizuia bila gharama yoyote.

Mpwa wangu hununua data ya shilingi 20 anapokuwa na haja nayo, na siku nyingi hana kabisa. Muda wake wa kusoma ni asubuhi akisubiri feri na jioni akirudi, amesimama katikati ya watu, mkono mmoja umeshika begi na mwingine simu. Hapo hapana nafasi ya kufungua kitini cha karatasi. Wenzake hupiga picha za kurasa na kuzituma kwenye kundi la darasa, lakini kila picha inayotoka kwenye simu zao ina takriban megabaiti 3, kwa hiyo kitini cha kurasa 24 hufika megabaiti 72. Zikitumwa kama picha za kawaida, programu ya ujumbe huzibana hadi maandishi madogo yakafifia. Wengine huziunganisha zikawa PDF wakidhani zimepungua uzito, kumbe zinabaki picha zilezile zilizotiwa ndani ya bahasha moja, na huwezi kutafuta neno hata moja ndani yake.

Yeye aliamua kuyageuza yale maandishi yawe maandishi matupu, yaani faili la `.txt` lisilo na picha wala urembo wa herufi. Hesabu yake ni rahisi. Ukurasa wa kawaida una herufi kama 2,500 ukijumlisha na nafasi, na katika faili la namna hiyo kila herufi ya Kiingereza au ya Kiswahili huchukua baiti moja tu. Kitini kizima cha kurasa 24 kinakuwa na kilobaiti 60 hivi, na ukimtumia mwenzako kwa Bluetooth kinafika kabla hajamaliza kukuuliza kama umeshatuma.

Kazi yenyewe huifanyia dukani kwangu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, saa nne za asubuhi wakati mwanga ni mwingi na jua halijaingia ndani. Kwanza huitoa pini ya kitini ili karatasi ilale sawasawa, kwa sababu kivuli cha mkunjo humeza mwanzo wa mistari. Ikiwa karatasi imechapwa pande zote mbili, huweka karatasi nyeusi chini yake. Bila hiyo, maandishi ya upande wa pili huonekana kwa mbali na programu huyasoma kama takataka. Simu huishika juu kabisa ya ukurasa, bila taa ya kamera. Halafu hutumia programu ya kusoma maandishi kwenye picha, inayotumia Tesseract, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya simu yenyewe. Data ilihitajika mara moja tu, kupakua programu na faili la lugha ya Kiingereza ambayo ndiyo lugha ya masomo yake, na hilo alilifanya kwenye waifai ya maktaba. Kabla ya kuondoka pale aliiweka simu katika hali ya ndege na kujaribu kusoma ukurasa mmoja. Wako wanaopuuza jaribio hilo, kisha wanafika nyumbani na kugundua kuwa programu yao ilikuwa ikizipeleka picha mtandaoni muda wote.

Aya za kawaida hutoka vizuri. Majedwali hayatoki, kwa kuwa programu huunganisha safu mbili kuwa mstari mmoja, na hayo huyaandika upya kwa mkono, kila safu katika mstari wake. Maelezo ya kalamu yaliyo pembezoni mwa karatasi pia huyaandika mwenyewe. Mchoro asioweza kuuacha huukata peke yake, akaufanya wa rangi ya kijivu na kuupunguza upana, ukabaki na kilobaiti chini ya 100. Kila kichwa cha habari hukitangulizia alama ya `##`, na kila mahali asipokuwa na uhakika napo huweka `??`, ili baadaye akitafuta alama hiyo apate orodha ya yote anayopaswa kuyahakikisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kitini kilikuwa cha famakolojia, sura ya hesabu za dozi. Nakala niliyoletewa na kiongozi wa darasa haikuwa ya kwanza. Herufi zilikuwa zimenenepa na alama ndogo zimeanza kupotea, na mashine yangu ikaongeza hasara hiyo kidogo kama inavyofanya kila mashine. Mpwa wangu alipomaliza kuingiza sura hiyo tuliihakiki pamoja, mimi nikisoma karatasi kwa sauti na yeye akifuata kwenye simu. Tulifika kwenye mfano wa adrenalini anayochomwa mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali. Karatasi ilisema miligramu 5, simu ikasema miligramu 5. Dawa iliyopo ina miligramu 1 katika mililita 1. Ukigawanya dozi inayotakiwa kwa nguvu ya dawa iliyopo, ukazidisha kwa ujazo wake, unapata mililita 5, na jibu lililochapwa chini ya mfano lilikuwa mililita 5. Kila kitu kilikubaliana. Nilikuwa nimeshageuza ukurasa.

Yeye hakuugeuza. Alisema, "Mjomba, hebu ngoja. Ampuli moja ya adrenalini ina mililita moja. Huyu mgonjwa atavunjiwa ampuli tano kwa sindano moja?"

Akaweka `??` na kesho yake akamfuata mwalimu. Mwalimu alifungua kompyuta yake, na pale kwenye faili lake dozi ilikuwa miligramu .5, yaani nusu, na jibu lilikuwa mililita .5. Hakuwa ameandika sifuri mbele ya nukta. Nukta ilififia katika nakala moja, ikatoweka katika iliyofuata, na kwa kuwa ilitoweka katika swali na katika jibu pia, hesabu ilibaki sahihi huku dozi ikiwa imezidi mara kumi. Programu ya simu haikukosea; ilisoma kile kilichokuwapo kwenye karatasi. Hata sisi wawili tuliohakiki neno kwa neno hatukukosea kusoma. Kosa hilo lisingeweza kuonekana kwa kulinganisha simu na karatasi. Lilionekana kwa sababu msichana huyu amewahi kuishika ampuli mkononi mwake wodini, na mwenzake wa mwaka wa kwanza asingekuwa na kumbukumbu hiyo ya kumwokoa.

Tangu siku hiyo amejiwekea utaratibu ambao, kama alivyonieleza, ndio unaofundishwa katika usalama wa dawa, ila wengi huuacha wanapochapa. Huandika 0.5 na wala si .5, ili nukta ikipotea ibaki 05, ambayo jicho huishuku mara moja. Huandika 5 na wala si 5.0, ambayo nukta ikipotea huwa 50. Mikrogramu huiandika `mcg`, kwa sababu ile herufi ya Kigiriki inayotangulia g, simu mara huisoma kama u na mara kama m, na m ikikaa hapo dozi inakuwa kubwa mara elfu moja. Tena herufi hiyo ikifunguliwa kwenye simu nyingine yenye programu tofauti huweza kutokea kama alama mbili za ajabu. Vilevile ameacha kufuta picha za kurasa kabla ya kuhakiki. Zamani alikuwa akizifuta jioni ileile ili apate nafasi kwenye simu, na mara moja alijikuta ana jedwali lililovurugika na hana picha wala karatasi ya kulirekebisha.

Lakini nauliza, Mhariri, kwa nini afanye yote haya? Siku ile mwalimu alipoona kosa alilirekebisha, akamtumia lile faili lake kwa Bluetooth palepale ofisini. Lilikuwa faili la kompyuta lenye maandishi yaleyale ambayo mpwa wangu alikuwa ametumia siku mbili kuyavuna kutoka kwenye karatasi. Maandishi yalianza yakiwa mepesi na safi kwenye kompyuta ya mwalimu, tukayachapa, tukayatia kwenye mashine mara tatu au nne hadi yakapoteza nukta, halafu mwanafunzi asiye na data akakaa dirishani kuyarudisha yalikotoka.

Ninachowaomba walimu ni kwamba wanapompa kiongozi wa darasa nakala ya kupeleka dukani, wampe na faili lenyewe kwenye flashi. Najua wapo wanaohofia kazi yao itasambaa, na hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa kitini ni jasho la aliyekiandika. Mpwa wangu mwenyewe alimwomba mwalimu ruhusa kabla hajawagawia wenzake sura ya kwanza. Ila karatasi nayo inasambaa, na inasambaa ikiwa na makosa ambayo mwalimu hayajui wala hawezi kuyafuta. Faili linaweza kuwa na jina lake juu na tarehe ya masahihisho ya mwisho, na akilibadilisha, nakala mpya inachukua mahali pa ile ya zamani siku hiyohiyo.

Wapo watakaoniuliza kama sioni kuwa ninajipunguzia riziki. Wateja wangu wengi bado watataka karatasi, maana jedwali kubwa halisomeki kwenye kioo cha simu ndogo na mtihani hujiandaa nao kwa kalamu mkononi. Na hizo karatasi zenyewe nitazitoa kutoka kwenye faili badala ya nakala ya nakala, kwa hiyo nukta zitabaki mahali pake.

Sura ile ya hesabu za dozi, iliyosahihishwa na kwa idhini ya mwalimu, iko kwenye kompyuta ya dukani kwangu. Kila mwanafunzi wa darasa lile aliyenunua nakala ya karatasi kwangu muhula huu namwomba arudi nayo, tumwandikie sifuri na nukta kwa kalamu katika ukurasa wa 17, mahali pawili, na akipenda aondoke na faili kwenye simu yake bila malipo.

Mwenye duka la fotokopi,
Likoni, Mombasa