Dawa ya vikope si ni bure, sasa harambee ya nini? Majibu haya hapa

Mbukwenyi wana nyumbani, mlioko Dodoma mjini, Moro, Dar na kwingineko, na nyie mliobaki huku huku Kongwa. Harambee yetu ya Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada ipo palepale. Tangu tangazo litoke swali limekuwa moja tu, kwamba dawa za vikope si serikali inagawa bure, michango ya nini tena? Swali halali kabisa, kwa hiyo acha nilijibu kwa urefu kidogo, maana ukishajua huu ugonjwa unavyozunguka ndo utaelewa kwa nini tunaomba simtanki na sio vidonge.

Chukua nyumba moja ya hapa kitongojini. Kuna bibi, kuna mkwewe, kuna wajukuu watatu na wa mwisho bado mchanga. Yule wa miaka 4 anaamka na matongotongo, na mhudumu akimgeuza kope la juu anaona vipele vidogo vyeupe na wekundu kule ndani, hiyo ndo trakoma mbichi, yaani vikope vyenyewe, bakteria yupo kazini. Mtoto mwenyewe wala halalamiki sana, anacheza tu. Bakteria anahama kwa vidole, kwa kanga moja ambayo mama anawafutia wote, na kwa nzi wanaotoka jicho hili kwenda lile. Mtoto anapona, anapata tena, anapona, anapata tena, miaka nenda rudi, na taratibu ndani ya kope panajengeka kovu. Kovu likizidi linavuta ukingo wa kope, nywele zinageukia ndani, zinakwaruza kioo cha jicho kila akipepesa. Hapo ndo alipo bibi sasa hivi. Anazing'oa kwa kibano zinaota tena fupi na ngumu, zinachoma kuliko mwanzo, na kile kioo kikishaweka ukungu wa kovu haoni. Wanawake wanaumia hivi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndo wanashinda na watoto wadogo.

Sasa tuje kwenye kingatiba, yaani ile dawa ya bure inayogawiwa kijiji kizima. Mgawa dawa akifika anampima kila mtu urefu kwa kile kijiti, anatoa azithromaisini mara moja tu, watoto wadogo ya maji, wakubwa vidonge, na mchanga wa chini ya miezi 6 anapewa mafuta ya tetrasaikilini ya kupaka machoni mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Ni dawa nzuri sana na ni ya msaada, kampuni inayoitengeneza inaitoa bure, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuipata. Inatolewa kwa kijiji kizima hata kwa wasioumwa, maana ukimtibu mtoto mmoja na ndugu zake ukawaacha watamrudishia. Lakini dawa inaua bakteria aliyemo leo, basi. Haigeuzi kope la bibi hata nywele moja. Na yule kijana aliyekuwa machungani siku ya mgao, au familia iliyohamia shambani mbali, wanarudi na ugonjwa wao, na kama nyuso bado chafu na nzi wapo, unaanza upya. Ndo maana sehemu zenye maambukizi makubwa mgao unarudiwa kila mwaka, miaka 3 mpaka 5, na bado kuna sehemu unasuasua.

Na hili halijatoka kichwani mwangu, lilipimwa hapa hapa kwetu Kongwa. Wazee mtakumbuka wale watafiti wa macho. Walichukua vijiji 6, vyote wakavipa mafuta ya tetrasaikilini, alafu vitatu kati ya hivyo wakaviongezea kampeni nzito ya kuosha watoto nyuso, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Baada ya mwaka mmoja vijiji vya kuosha nyuso vilikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyuso safi, na vikope vikali vilikuwa vichache kuliko kule walikopata dawa peke yake. Niseme ukweli, ugonjwa haukuisha, ulipungua, na kwa vikope vyepesi tofauti haikuwa kubwa hivyo. Kwa hiyo asije mtu akasema basi tuoshe nyuso tu dawa tuachane nayo.

Kingine kilichojulikana huku ni kwamba watu walidhani kuosha uso kunakula maji mengi. Kwa mama anayefuata dumu mbali hiyo ni hesabu nzito, unaanza na kupika, kunywa, ndama, uso wa mtoto unakuja mwisho. Wakati kumbe kikombe kimoja kinatosha uso wa mtoto na kinabaki. Kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 kinaosha darasa zima la chekechea. Ila pale shuleni hamna maji kabisa, na huwezi kumgombeza mtoto uso mchafu wakati hujampa maji, hapo ndo simtanki na gata za kuvuna mvua zinapoingia.

Choo nacho watu wanakibeza, wanasema choo na macho wapi na wapi. Yule nzi anayependa macho anapenda sana kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya udongo, hasa cha watoto ambacho watu wanaona hakina madhara. Ndani ya shimo la choo huyu hazaliani, wale mnaowaona chooni kwa kawaida ni aina nyingine. Ina maana hata choo cha kawaida cha shimo chenye sakafu nzuri, mradi kinatumika na kinyesi cha mtoto kinatupwa humo, kinawanyima hawa mahali pa kuzaliana. Hatuombi vyoo vya marumaru jamani.

Bibi yeye hayo yote yamechelewa, anahitaji upasuaji. Unafanywa kwa ganzi na mhudumu aliyefundishwa, anachana kope na kuishona upya nywele ziangalie nje, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, bandeji inatolewa kesho yake, nyuzi baada ya wiki moja mpaka mbili. Maumivu ya kukwaruzwa yanaisha, ila uoni uliokwisha kupotea kwa kovu la kioo haurudi, ndo maana kuwahi ni muhimu, na wengine nywele zinageuka tena kwa hiyo lazima aangaliwe baadaye. Upasuaji wenyewe kwenye kambi ni bure. Kinachowakwamisha bibi zetu ni nauli, mtu wa kuwasindikiza, na nani atabaki na wajukuu. Na tukimpasua bibi tukaacha wajukuu walivyo, tutakuwa tunaandaa foleni ya kambi ya mwaka 2060.

Hesabu sasa. Simtanki la lita 5,000 na gata na msingi wake shuleni ni 1,900,000. Sakafu za zege za vyoo 30 kwa 35,000 ni 1,050,000, shimo kila kaya inachimba yenyewe, hilo tumeshakubaliana kwenye mkutano. Usafiri na chakula kwa wanaoenda kambi ya upasuaji pamoja na wasindikizaji ni 600,000. Jumla 3,550,000, mkononi tuna 1,240,000, bado 2,310,000. Vibuyu chirizi havina bajeti, leta dumu tupu na kamba.

Mbuzi, kuku, debe la mahindi au karanga vinapokelewa, vitapigwa mnada pale pale uwanjani. Mlioko mbali tumeni kwa namba ya mhazini iliyo kwenye grupu, andikeni jina ili risiti isomeke. Na mwenye Noah au Kanta anayeweza kutupunguzia gharama ya kupeleka bibi zetu kambini, awasiliane na katibu kabla ya Jumapili ili tujue siti ni ngapi.