Barua kwa yaya: je, Mwana Kupona alikuwa akikejeli?

Yaya yangu mpendwa,

Umeniuliza kama uwasomee mabinti wa Kadutu, wanaojiandaa kuolewa, uhakiki wa Ann Biersteker, mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, juu ya Utendi wa Mwana Kupona, uliochapishwa mwaka 1991. Nimeusoma pamoja na utenzi wenyewe, hapa Bukavu ambako Kiamu cha Mwana Kupona, lahaja ya Lamu, hutulazimu kwenda polepole, na ninakubaliana naye nusu ya njia.

Kwa muda mrefu utenzi huu wa mwaka 1858, ambao Mwana Kupona aliutunga akiwa mgonjwa ili kumwachia binti yake wasia, umesomwa kama somo la utii tu. Biersteker anapendekeza kwamba ndani yake mna kejeli, na kwamba mwanamke anayeonekana kumnyenyekea mume ndiye anayemwongoza. Ubeti unaompa nguvu zaidi ni huu:

Mtunde kama kijana
asiyojua kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia.

Hapo siwezi kumpinga. Mume anatunzwa kama mtoto asiyeweza kusema, na anayeangalia kinachotoka na kinachoingia nyumbani ni mke. Aliyewahi kuona mama akiendesha nyumba nzima huku baba akihesabiwa kuwa mkuu wake ataitambua hali hiyo mara moja.

Ila kejeli, ili isimame, lazima ivumilie beti za jirani. Kabla ya hapo mama amemwambia binti yake:

Siku ufufuliwao
nadhari ni ya mumeo

kisha akaeleza kwamba mume akitaka aende peponi, ataenda, na akisema motoni, hana budi kutiwa. Sioni namna mama Mwislamu, anayeandika huku akikitazama kifo chake, angefanyia mzaha siku ya ufufuo mbele ya mtoto wake. Isitoshe, radhi ya mume imetajwa ya tano katika zile radhi tano ambazo mama anasema kila mtu anazihitaji, pamoja na ya Mungu, ya Mtume na ya wazazi wawili. Ukiigeuza hiyo moja kuwa kejeli, itakubidi ueleze kwa nini nne zilizobaki ni za kweli.

Lakini ubeti ulionifanya niamue ni ule anapomkumbuka mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Anasema waliishi bila kuvunjiana heshima, na kwamba saa ya mume ilipofika alimkariria mkewe radhi, hata moyo wa mke ukatulia. Mjane huyu anaitoa radhi kama kitu alichokwisha kukipokea mkononi. Kwa hiyo naona ujanja wa kuiongoza nyumba na imani ya kuhitaji radhi vimekaa pamoja kwa mtu mmoja, wala kimoja hakikifichi kingine. Biersteker ameuona ule ujanja vizuri kuliko waliomtangulia; imani ameipunguzia uzito.

Basi wasomee, yaya, lakini usiwasomee ubeti wa kijana peke yake. Wapate na ule wa ufufuo, na ule wa kifo cha Bwana Mataka, kisha waache wabishane wao wenyewe.

Mdogo wako